Muhtasari wa sivii kwa lugha mbili

"Niko Kampala, naomba kazi ya mapokezi hotelini Zanzibar. Nitafsiri tu muhtasari wangu wa Kiingereza?"

Usitafsiri, dada. Orodhesha kwanza kazi, miaka, ukubwa wa hoteli na lugha, kisha kila lugha iandikie sentensi zake. Kiingereza kiwe kifupi: `Hotel receptionist, 5 years, 40-room hotel, Kampala`. Kwa Kiswahili: "Nimefanya kazi ya mapokezi kwa miaka 5 katika hoteli ya vyumba 40 jijini Kampala, nahudumia wageni kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiganda." Mimi niliwahi kutafsiri neno kwa neno, nikajiita "mtu aliyeelekezwa kwenye matokeo". Meneja akauliza, nani alinielekeza?

Kaka mmoja hapa kakushauri kwenye elimu uandike `S.6`, yaani Senior Six. Kweli ni elimu yako, ila Zanzibar watakuelewa haraka ukisema kidato cha sita. Upande wa Kiingereza weka jina kamili, `Uganda Advanced Certificate of Education`. Miaka na idadi zifanane pande zote mbili.

Na wewe uliyeuliza kuhusu sivii ya kuomba udereva Doha, andika kwa Kiingereza, Kiswahili kitaje tu kwenye lugha unazozijua.

Lugha ipi itangulie kwenye sivii? Mimi hufuata lugha ya tangazo, lakini rafiki yangu hutanguliza Kiingereza siku zote na huitwa kwenye usaili.