Mkataba wa pango wa mwaka mmoja mmoja na IFRS 16: nani yuko sahihi, mimi au mkaguzi?

Swali: "Duka letu la jumla liko hapa Mombasa mjini. Mkataba ni wa miezi 12 na tunauhuisha kila Januari, mwaka wa saba sasa. Mkaguzi anataka tuuingize kwenye mizania. Si mkataba wa miezi 12 umesamehewa? Nimpinge vipi?"

Ndugu yangu, kabla hujampinga, hakikisha kwanza kampuni yenu inatumia viwango kamili vya kimataifa vya uhasibu, yaani IFRS. Kama mnatumia kile cha biashara ndogo na za kati, IFRS 16, kiwango cha mikataba ya pango, haiwahusu, na mkaguzi atakubaliana nawe. Kama ni viwango kamili, nachelea kusema huenda yeye ndiye mwenye haki. Nilisimama pale pale uliposimama wewe, na hoja ilikuwa hiyo hiyo.

Ilikuwa mwaka 2019, kiwango kilipoanza kutumika. Tulikuwa na duka la jumla lenye ghala nyuma yake, upande wa Mwembe Tayari. Kodi ya pango ilikuwa Sh 3,600,000 kwa mwaka, nayo ililipwa yote tarehe 1 Januari. Nilimwekea mkaguzi mkataba mezani, nikamwonyesha "miezi 12". Hakuusoma. Aliniomba daftari la mali za kudumu, akateremsha kidole mpaka kwenye shelfu za chuma tulizozifunga ukutani mwaka 2018. Uchakavu wake nilikuwa nimeugawa kwa miaka minane. Akaniuliza, "Kama mnahama Desemba, hizi shelfu zitabaki na nani?" Sikuwa na jibu.

Msamaha unaangalia muda wa pango, na muda huo si lazima uwe ule ulioandikwa kwenye karatasi. Unahesabu kipindi ambacho huwezi kutoka, halafu unaongeza kila kipindi ambacho una haki ya kuendelea kukaa na una hakika ya kutosha kwamba utakaa. Pango linakoma kuhesabika pale tu ambapo nyinyi na mwenye jengo, kila mmoja kwa upande wake, mnaweza kuachana bila idhini ya mwenzake na bila hasara ya maana. Novemba 2019 kamati ya kufafanua viwango hivi ilieleza wazi kwamba hasara hiyo si faini ya mkataba peke yake. Gharama za kuhama zimo, na thamani ya vitu mlivyovifunga ambavyo mtaviacha nyuma pia imo.

Sasa tuje kwetu Kenya, maana hapa kuna jambo ambalo wahasibu wengi hulipita. Chini ya Sura ya 301 ya sheria zetu, duka lililopangishwa bila maandishi, au kwa maandishi ya muda usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaolindwa. Mwenye jengo hawezi kukutoa kwa sababu tu Desemba imefika. Lazima akupe notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, nawe unaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana wenye majengo wengi hupenda mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au ya miaka sita: wanaukimbia ulinzi huo. Kwa hiyo mkataba wako wa miezi 12, unaoonekana mfupi, unaweza kuwa umekupa haki ya kukaa muda mrefu kuliko ule wa miaka sita. Mwombe wakili wenu aandike ukurasa mmoja kuthibitisha kama duka lenu linaingia humo. Ukurasa huo ndio utakaoamua ubishi wenu.

Kwa upande wetu tulikubaliana miaka mitano kuanzia 1 Januari 2019. Hatukuchukua minane ya shelfu, kwa sababu mpango wa biashara ulioidhinishwa na wakurugenzi uliishia 2023 na baada ya hapo tulitarajia kuhamia ghala kubwa zaidi. Riba tuliyotumia kupata thamani ya leo ya malipo hayo ni 13%. Benki ilikuwa imetuandikia barua ya kutukopesha kwa kiwango hicho, na wakati ule sheria ilikuwa bado inazuia riba kupita asilimia nne juu ya 9% ya Benki Kuu. Wewe tumia riba ambayo benki ingewatoza nyinyi siku pango linapoanza kuhesabiwa, kwa muda na dhamana inayofanana. Usiichukue 13% yangu.

Hapo kwenye hesabu ndipo nilipoteleza. Niliweka malipo yote matano kwenye B2 mpaka B6 nikaandika hivi:

```
=NPV(13%,B2:B6)
```

Nikapata 12,662,033. Fomula hii huchukulia kwamba kila malipo, hata la kwanza, yanafanyika mwisho wa mwaka. Sisi tulilipa la kwanza siku ile ile, kwa hiyo halikuwa deni tena. Ilitakiwa iwe:

```
=NPV(13%,B3:B6)
```

Jibu ni 10,708,097, na hilo ndilo deni la pango. Haki ya kutumia jengo ni deni hilo ukijumlisha 3,600,000 iliyokwisha kulipwa, yaani 14,308,097. Gawa kwa mitano, uchakavu wa kila mwaka ni 2,861,619. Riba ya 2019 ni 1,392,053. Gharama ya mwaka wa kwanza ikawa 4,253,672, ilhali tulichotoa benki ni 3,600,000 tu. Mwaka wa mwisho hakuna riba kabisa, inabaki 2,861,619 ya uchakavu. Ukijumlisha miaka yote mitano unapata milioni 18 kamili, sawa na kodi tuliyolipa. Bosi alipoona faida imeshuka alikasirika, mpaka nilipomchorea mistari hiyo mitano kwenye karatasi.

Kujua kama jedwali lako liko sawa, fuata tarehe za benki, wala si tarehe ulizozizoea kwenye kompyuta. Ongeza riba kila Desemba, toa malipo kila Januari. Kwetu, salio la 31 Desemba 2022 lilipaswa kuwa 3,600,000 barabara, ili malipo ya kesho yake yalimalize. Nilipoanza na ile 12,662,033 na kutoa malipo ya kwanza Januari 2019, salio la 31 Desemba 2022 halikufika hata milioni moja, na malipo ya mwisho yalilipeleka chini ya sifuri. Hapo ndipo nilipoligundua kosa, saa mbili usiku, hesabu zikiwa tayari zimechapishwa kwa ajili ya mkutano.

Kodi ya ongezeko la thamani iliyo kwenye ankara ya pango usiiingize humo. Ada ya ulinzi na usafi unaweza kuitenga pia, ibaki gharama ya kawaida.

Na wapo wanaosamehewa kweli. Tulikuwa na uwanja wazi Miritini wa kuegesha makontena, kwa mkataba wa miezi 11. Hatukufunga chochote pale, mwenyewe alikuwa ameshatuambia kwa barua kwamba anajenga mwaka unaofuata, na viwanja vya namna ile vilikuwa jirani kwa bei ile ile. Mkaguzi aliisoma barua, akauacha kwenye gharama za mwaka. Kwa hiyo tazama: duka lako mmelifunga nini ukutani, limegharimu kiasi gani, na kwenye daftari mmeligawa kwa miaka mingapi? Leta majibu hayo hapa, tutaupima muda pamoja.