Miaka 19 ya maua na chokoleti

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 19 kwenye ndoa. Kila tarehe 14 Februari humletea mke wangu maua mekundu, chokoleti na kadi. Mwaka jana alisema asante, akaviweka mezani, akarudi kwenye shughuli zake. Kadi aliifungua kesho yake. Hatuna ugomvi. Watoto wamekua, na siku hizi jioni zake zote ni za kushona. Yeye anakata vitambaa kwa huo mkono wake wa kushoto huku akilalamikia mkasi, mimi naangalia taarifa ya habari. Mwaka huu nataka kumpa kitu kitakachomgusa. Nawaza mkufu wa dhahabu au cherehani mpya. Nishauri. – Mume wa Mazoea*

Marahaba mwanangu. Zawadi unayoitafuta umeiandika mwenyewe kisha ukaipita. Mnunulie mkasi wa kukatia vitambaa uliotengenezwa kwa mtu wa mkono wa kushoto.

Najua umetegemea kitu cha kung'aa, kwa hiyo nikueleze. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Mkono huo unapofumba, dole gumba husukuma nje kidogo na vidole vingine huvuta ndani, na msukumo huo ndio unaobananisha makali mawili mpaka kitambaa kikatike. Mkono wa kushoto ukiufumba mkasi huohuo, msukumo unakwenda kinyume. Makali yanaachana, na kitambaa kinajikunja katikati yake badala ya kukatika. Ili akate, mkeo analazimika kulipindisha dole gumba kila anapofumba, na akimaliza kukata gauni zima kidole kinawaka moto. Isitoshe, ubapa wa juu unamziba asiuone mstari wa chaki anaoufuata, ndiyo maana huenda umemwona akikata huku ameinamisha shingo upande. Hayo ndiyo malalamiko unayoyasikia wakati wa taarifa ya habari.

Ukienda kununua, usidanganywe na mpini. Iko mikasi inayosifiwa kuwa ya mikono yote miwili, lakini kilichobadilika ni matundu ya vidole tu, bapa zimebaki za mkono wa kulia. Ushike ncha ikielekea mbele, uufungue, kisha utazame ubapa ulio juu. Ukiwa upande wa kushoto, huo ndio wenyewe. Ugeuze juu chini utazame tena: wa mkono wa kushoto hubaki hivyohivyo. Urefu wa sentimita 20 hadi 25 unatosha kwa mshonaji wa nyumbani, na kama mkono wake ni mdogo chukua wa 20. Tafuta wenye mpini uliopinda kwenda juu, ili ubapa wa chini ulale juu ya meza na kitambaa kisiinuke wakati wa kukata.

Jambo moja umwambie mapema. Kwa miaka yote hii dole gumba lake limefundishwa kusukuma kinyume, na kwenye mkasi sahihi mazoea hayo yatayaachanisha makali. Siku za mwanzo atauona kama mbovu. Aanze na vipande vya mabaki, aufumbe kwa ulegevu bila kupindisha kidole, na mkono utazoea. Usipomwambia, anaweza kuurudisha kwenye boksi na kuchukua ule wa zamani, nawe ukadhani zawadi imeshindwa.

Cherehani iache. Anayeshona ndiye anayejua anataka mashine ya namna gani, na huenda hiyo aliyonayo anaipenda. Kama unaona imechakaa, muulize, mkachague pamoja siku nyingine. Mkufu nao si mbaya, ila jiulize: ni lini mara ya mwisho aliposimama kuutazama mkufu kwenye dirisha la duka, au kuutaja? Kama hukumbuki, basi wazo hilo limetoka kwenye matangazo ya Siku ya Wapendanao, halikutoka kwake.

Hapo ndipo ndoa ndefu zinapokwama, na mimi sioni kwamba ni upungufu wa mapenzi. Mwaka 2006 watafiti Davy Lerouge na Luk Warlop walichapisha utafiti kuhusu watu wanaojaribu kubashiri bidhaa ambazo wenzi wao watazipenda. Waligundua kwamba kumfahamu mtu sana kunaweza kumpotosha anayebashiri. Anategemea picha aliyonayo kichwani tangu zamani, na hazingatii vya kutosha dalili anazoonyeshwa wakati huohuo. Wewe unamnunulia msichana uliyemwoa. Mwanamke anayekata kitambaa sebuleni kwako leo ana mambo yake mapya, na amekuwa akiyasema kwa sauti.

Kwa hiyo kuanzia leo mpaka tarehe 14, zima televisheni angalau nusu saa kila jioni, ukae alipo. Usihoji. Sikiliza anarudia kulalamikia nini, na anatamani nini kwa sentensi zile za "ipo siku nita…". Yaandike kwenye simu kwa maneno yake mwenyewe, maana ukiyahifadhi kichwani utayageuza yawe yako. Huenda ukasikia jambo zito kuliko mkasi, na hapo badilisha zawadi bila kusita. Mkasi nimeuchagua kwa ushahidi ulionipa. Wewe unaishi na shahidi mwenyewe.

Kadi nunua ile isiyo na maandishi ndani. Yale mashairi yaliyochapwa kiwandani ameyasoma miaka 19. Andika mistari miwili: ulichokiona, na tangu lini. Kwa mfano, "Nimekuona ukihangaika na mkasi wa watu wa mkono wa kulia. Samahani nimechelewa kuona." Usiongeze sifa za macho yake na tabasamu lake, zitaumeza ule ukweli uliouandika.

Halafu muombe akufundishe kukata. Nasema hivi kwa makusudi. Arthur Aron na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio ambamo wenzi walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakatakiwa kutambaa wakibeba mto bila kuushika kwa mikono. Wengine walipewa kazi ya kawaida isiyochangamsha. Wale wa kazi ngeni na ya kuchangamsha ndio walioongeza zaidi kuridhika na uhusiano wao. Kwenu ugeni utakuwa wewe kushika chaki, na yeye kuwa mwalimu. Chagueni kitu chepesi, foronya ya mto inatosha, na wewe utumie ule mkasi wa zamani. Huo mpya usiuguse, wala asiuguse mtoto kwa kukatia karatasi, kwa sababu karatasi huyafanya makali butu upesi. Funga utepe kwenye mpini, nyumba nzima ijue ni wa mama.

Maua usiyaache ghafla bila neno, maana baada ya miaka 19 kukosekana kwake kunaweza kusomeka kama umesahau. Yahamishe. Mletee siku ya katikati ya wiki mwezi Machi, rangi nyingine, bila sababu. Chokoleti unaweza kuiacha, isipokuwa kama umewahi kumwona akiimaliza mwenyewe.

Baada ya hapo usimpime kwa ukubwa wa asante. Tazama wiki inayofuata kama mkasi uko mezani au kabatini. Ukiwa kabatini baada ya wiki mbili, na siku za mazoezi zimepita, muulize waziwazi: "Haukufai?" Akisema hauko sawa, ubadilisheni. Akisema hahitaji chochote kutoka kwako, basi tatizo halikuwa zawadi. Hapo niandikie tena, safari hii unieleze mnaongea nini mnapokuwa peke yenu.