Mashine ya pili imeingia, kiwango cha saa kimeshuka: usikimbilie kushusha bei

"Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku. Tumeletewa mashine ya pili, mhasibu anasema gharama ya saa ya mashine imeshuka. Tumshushie mteja bei?"

Msishushe kitu, mkuu! Muulize kwanza huyo mhasibu amegawanya kwa saa ngapi, na amezitoa wapi.

Kiwandani kwetu tunapuliza chupa za plastiki, nami nasimamia usiku. Tulipokuwa na mashine moja ilifanya kazi saa 400 kwa mwezi. Pango, mishahara ya wasimamizi, taa na ulinzi vilikuwa shilingi 3,200,000, na uchakavu wa mashine 1,000,000. Gawanya kwa 400 unapata 10,500. Umeme na matengenezo ni 7,000 kwa saa, jumla 17,500.

Ikaja ya pili, yenye uchakavu wa 2,000,000 kwa mwezi. Mshauri aliyelipwa kutoka nje akagawa zile gharama za pamoja nusu kwa nusu, akaandika saa 400 kwa kila mashine. Ya zamani ikashuka hadi 13,500, mpya ikawa 16,000. Ofisi ikashangilia, wateja wakapewa bei mpya.

Hizo saa 400 za pili alizitoa kwenye karatasi ya muuzaji wa mashine! Hakuuliza oda ziko wapi, wala hakufungua daftari la zamu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana daftari lilikuwa mezani kwangu.

Oda hazikuongezeka maradufu. Kazi iliongezeka kidogo tu, ikagawanyika: ya zamani ikafanya saa 200, mpya 300. Usiku mmoja mhasibu wetu alikaa nami tukapiga upya. Ya zamani: 1,600,000 na 1,000,000, gawanya kwa 200, unapata 13,000, ongeza 7,000, ni 20,000. Mpya kwa njia hiyohiyo ni 19,000. Zote mbili ziko juu ya zile 17,500 za mwanzo! Pango na uchakavu havijui kama mashine imelala. Kwa bei za mshauri tulikuwa tunapoteza 2,200,000 kila mwezi, na lawama zikashushwa kwa vijana wa usiku eti wanazembea.

Kwa hiyo gawanya kwa saa ambazo mashine itafanya kazi kweli katika hali ya kawaida. Chukua usomaji wa mita ya saa wa miezi kadhaa, usihesabu muda wa kubadilisha kalibu wala matengenezo, kisha ongeza oda zilizosainiwa tu. Ila mwezi mmoja mbovu usikupandishie bei. Gharama ya saa zilizolala mwezi huo iandikwe peke yake kama hasara, asibebeshwe mteja. Na kila mashine iwe na kiwango chake, kwa sababu uchakavu wao haulingani.

Daftari lako la zamu linasema saa ngapi? Ziweke hapa tupige pamoja kabla bei haijatoka.