Chupa moja, majibu mawili

Swali la wiki: "Je, mwanafunzi wa shule ya msingi aelezwe kwanza kanuni ya kuelea na kuzama, au aachwe ajaribu mwenyewe kwa vitu vya nyumbani?"

Aachwe ajaribu. Nafundisha sayansi darasa la nne, na jibu hilo lilinijia kabla sijamaliza kusoma. Lakini kuna jambo linaniuma zaidi ya nani atangulie, nalo ni vitu vyenyewe vinavyotiwa kwenye beseni.

Sote tunaijua orodha: jiwe, msumari, sarafu, jani kavu, unyoya, kipande cha boksi. Vinavyozama vyote ni vile mtoto anavyoviona vizito, na vinavyoelea vyote ni vile anavyoviona vyepesi. Mtoto aliingia darasani akiamini kwamba kizito huzama na chepesi huelea, na anatoka akiamini vivyo hivyo, tena sasa ana ushahidi aliouona kwa macho yake. Ukiongeza mshumaa mnene mmoja tu mambo yanabadilika, kwa sababu mshumaa huo unaizidi sarafu uzito mara nyingi, na bado unaelea wakati sarafu iko chini.

Mimi nilichagua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ya nusu lita, na ndiyo ninayotaka kuieleza, maana ina mengi kuliko inavyoonekana.

Tulianza nayo ikiwa tupu na imefungwa. Ilielea, na darasa zima lilitarajia hivyo. Kisha tukaijaza maji tukiwa tumeizamisha kabisa ndani ya beseni, tukaifunga humo humo. Wengi walisema itaelea kwa kuwa plastiki ni nyepesi. Ya kundi moja ilizama, ya kundi lingine ikabaki inaning'inia juu, na ubishi ukaanza. Nikawaambia waitazame vizuri shingoni. Ile iliyoelea ilikuwa imebaki na kiputo cha hewa, kiasi cha kijiko cha chai. Kwa chupa nyembamba kama ile, hewa hiyo kidogo inatosha kuishikilia juu. Walipoifungua ndani ya maji na kukitoa kiputo, nayo ikashuka.

Baada ya hapo nilikata vipande vidogo kutoka ubavuni mwa chupa, vya ukubwa wa ukucha. (Akate mtu mzima, maana kingo zake zinachana vidole.) Kila kundi likapata kipande kimoja pamoja na kifuniko kizima. Kifuniko ni kizito kuliko kipande, na mtoto yeyote anaweza kulisikia hilo mkononi. Niliwataka waandike utabiri kwanza, na karibu wote waliandika kwamba kifuniko kitazama na kipande kitaelea.

Kifuniko kilielea. Msichana mmoja alisema ni kwa sababu kimekaa kama kikombe na kina hewa ndani, na hoja hiyo ilikuwa nzuri sana. Tukakizamisha, tukakigeuza huku na huku chini ya maji mpaka hewa yote ikatoka, tukakiachia. Kikapanda tena.

Kipande cha ubavuni kikazama. Msichana yule yule hakukubali. Alisema bado ni kizito mno, na kwamba kikipunguzwa kitafika mahali kitaelea. Aliomba nimkatie kidogo zaidi, nikamkatia, kikazama. Akaomba tena. Kile kilichofuata kilikuwa chembamba kama kucha iliyokatwa, akakiweka juu ya maji taratibu kwa ncha ya kidole, na kikabaki pale juu. Akanitazama. "Mwalimu, si nilisema?"

Nieleze kilichotokea, kwa kuwa naona walimu wengi wanapita hapa haraka. Kipande kile hakikuwa kinaelea. Uso wa maji una kitu kama utando unaovutana, nao unaweza kubeba kitu kidogo kikavu hata kama kingestahili kuzama, kama unavyombeba mdudu anayetembea juu ya dimbwi. Ukiinamisha macho hadi usawa wa maji unaona uso umebonyea kidogo pale kilipolala. Njia ya kutofautisha ni rahisi: kisukume kwa kidole hadi kilowe pande zote, halafu ukiachie. Kinachoelea kweli kitarudi juu. Kilichobebwa na utando kitashuka. Njia nyingine ni kudondosha tone la sabuni ya maji kando yake, kwa kuwa sabuni inaudhoofisha utando huo na mara nyingi kipande kinaanguka papo hapo.

Msichana alikisukuma chake, kikashuka. Akakisukuma kifuniko, kikarudi. Alirudia hivyo mara kadhaa bila kusema neno, kisha akauliza kama chupa na kifuniko chake ni plastiki moja.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipokuwa. Si plastiki moja. Chini ya chupa nyingi za maji kuna pembetatu yenye namba 1, na plastiki hiyo ina gramu 1.4 hivi katika kila sentimita moja ya ujazo. Maji yana gramu 1. Kifuniko hutengenezwa kwa plastiki nyingine, ambayo haifiki gramu 1. Kwa hiyo ukikata ubavu wa chupa vipande elfu, kila kimoja bado kitakuwa kizito kuliko maji ya ukubwa ule ule. Viwanda vya kurejeleza plastiki vinaitumia tofauti hii: vinasaga chupa pamoja na vifuniko, vinavimwaga kwenye tangi la maji, vya vifuniko vinabaki juu na vya chupa vinakwenda chini.

Na chupa nzima yenye hewa? Yenyewe haifiki gramu 30, lakini ili izame yote lazima isukume maji zaidi ya mililita 500, yaani zaidi ya gramu 500. Haiwezi, ndiyo maana inakaa juu huku sehemu ndogo tu ikiwa ndani ya maji.

Angalizo kwa atakayejaribu: asitumie chupa yenye namba 2 kwenye pembetatu, kwa mfano nyingi za maziwa. Plastiki hiyo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo chupa na kifuniko vyote vitaelea na ubishi hautakuwepo.

Nilianza kwa kusema aachwe ajaribu. Nikiliangalia tena tukio lile, sioni jinsi msichana yule angetoka pale alipokwama kama nisingemwambia asukume. Kwa macho yake kipande kilikuwa juu ya maji, na juu ya maji ndiko kuelea kunakoonekana. Angeweza kuendelea hadi jioni akikusanya ushahidi wa jambo lisilo kweli, kwa uangalifu mkubwa.

Kwa hiyo naona kuna kitu kimoja kielezwe kabla beseni halijajazwa: kwamba kinaelea kile tu kinachorudi juu chenyewe baada ya kuzamishwa, kuloweshwa na kutolewa hewa. Hiyo tayari ni kanuni, nakubali. Densiti ningeichelewesha hadi mtoto aulize mwenyewe kuhusu plastiki mbili, ingawa kwa darasa la watoto sabini wenye mabeseni mawili sina hakika kwamba swali hilo litafika kwa kila mmoja, na hapo mwalimu itabidi aliulize yeye.