Voisi ama meseji kwa meneja

"Pesa za kaunta zimepungua 4,200 zamu yangu, nimtumie meneja voisi ama niandike?"

Andika. Voisi ataifungulia ofisini simu ikiwa spika juu na wenzako wasikie, halafu kesho akitaka ile namba ya 4,200 itabidi aisikize yote tena, mara nyingi hasikizi. Weka tarehe, saa ulofunga, kiasi kilopungua, nani mwengine alishika kaunta, basi, alafu umwambie uko tayari kuja muongee. Ile sauti ya huruma unayotaka aisikie iwache hapo kwa kuongea uso kwa uso.

Lakini usiandike "nisamehe ni uzembe wangu, nikate tu" kabla hesabu haijarudiwa, manake sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata mshahara pesa ikipungua kwa uzembe ama wizi wa mtu alokabidhiwa pesa kikazi, na wewe ushajiandikia uzembe mwenyewe. Mimi nimekaa na mambo ya wafanyikazi duka la jumla huku Kongowea, hizo meseji za saa nne usiku nazijua sana.

Kuna wanosema voisi si ushahidi, hapana, zote mbili zaweza kupelekwa kortini, ni vile maandishi hayabishaniwi sana.

Kama meneja wako ndo wale hawasomi kitu, hapo sijui, pengine piga simu kwanza alafu umwandikie mloongea.