Swali la lugha: Orodha iliyovuliwa vitone

*Swali: Ripoti yangu kuhusu uharibifu katika chumba cha vitabu ilikuwa na orodha ya vitone 11, nami nimetakiwa niigeuze kuwa aya moja fupi. Nimefuta sita na kuunganisha vitano vilivyobaki hivi: "Tangu msimu wa mvua uanze, paa la chumba cha vitabu lilikuwa linavuja upande wa mashariki. Pia, vitabu 140 vililowa. Aidha, fundi aliitwa na kubaini kwamba mabati matatu yametoboka. Vilevile, kuhamishwa kwa rafu zote zilizoegemea ukuta huo. Hayo yote yalikamilika ndani ya siku nne." Maneno ni yaleyale ya ripoti, lakini aya haitiririki. Nakosea wapi? Naambatanisha orodha ya awali.*

Ndugu msomaji, kitone humpa mwandishi ruhusa ya kutosema jambo moja linahusianaje na jingine. Msomaji anapoviona vitone vimepangwa, hujua kwamba mambo yamewekwa bega kwa bega, naye haulizi lipi limezaa lipi wala lipi lilitangulia. Vitone vikiondolewa, ruhusa hiyo nayo huondoka, na kila sentensi inayofuata nyingine huanza kusomwa kama jibu, tokeo au mwendelezo wa ile iliyotangulia. Hapo ndipo ulipoingiza "pia", "aidha" na "vilevile", maneno matatu ambayo katika aya yako yana maana moja tu, yaani "na jingine ni hili". Hivyo ni vitone vilevile, ila sasa vimeandikwa kwa herufi.

Tuanze na sentensi ya pili. Ukisema "Pia, vitabu 140 vililowa", unaeleza misiba miwili isiyojuana: paa kuvuja ni mmoja, vitabu kulowa ni wa pili. Kumbe maji ya paa hilo ndiyo yaliyovilowesha. Uhusiano huo Kiswahili hakihitaji neno la ziada kuueleza, kwani kitenzi chenyewe kinaubeba: "paa lilivuja, vitabu 140 vikalowa". Kiambishi *-ka-* kinatosha kumwambia msomaji kwamba la pili limetokea baada ya la kwanza, na kwa kuwa mambo yenyewe ni maji na vitabu, sababu anaiona bila kuambiwa. (Nitaje pembeni kwamba "pia" hubadilisha maana kulingana na mahali inapokaa. "Vitabu pia vililowa" humfanya msomaji aulize ni kitu gani kingine kilicholowa, na katika ripoti yako hakuna.)

Sasa turudi kwenye vitone sita ulivyovifuta, maana nusu ya tatizo iko huko. Katika orodha ya awali, kitone cha tatu kilisema kwamba maji yaliteremka kwenye ukuta wa mashariki, na cha tisa kilisema kwamba fundi aliyabadilisha mabati yaliyotoboka. Vyote viwili ulivikata, pengine kwa kuona kwamba ni mambo ya kujulikana tu. Lakini ulibakiza "ukuta huo", na kionyeshi "huo" hurejelea kitu ambacho msomaji amekwisha kutajiwa. Msomaji wa aya yako anarudi nyuma kuutafuta ukuta na anakuta msimu na upande, nomino mbili ambazo nazo huchukua "huo", lakini ukuta haupo. "Hayo yote" ina hatari kubwa zaidi. Wewe ulikusudia mambo yote yaliyofanyika, lakini nomino ya karibu yenye upatanisho wa "hayo" ni mabati, kwa hiyo kwa nukta moja msomaji anadhani kwamba mabati ndiyo yaliyokamilika. Akishaigundua maana yako, anabaki na swali zito kuliko lile la sarufi: je, paa lilitengenezwa? Aya haisemi. Inasema fundi alibaini, kisha kila kitu kikakamilika.

Ndiyo maana nashauri kwamba, baada ya kukata na kabla ya kuunga, uzungushie duara kila neno linaloelekeza nyuma: "huo", "hayo", "huyo", "hapo", "wote", "wawili hao", "ya pili", "hata hivyo". Kwa kila duara, weka kidole kwenye kitu kinachorejelewa ndani ya aya mpya, si katika orodha unayoikumbuka. Wewe uliyeandika ndiye msomaji mbaya kuliko wote kwa kazi hii, kwa sababu vitone ulivyovifuta bado vimo kichwani mwako. Pasipo pa kuweka kidole, una njia mbili tu: kurudisha taarifa iliyokatwa, hata kwa maneno matatu, au kuliondoa neno linaloirejelea.

Sentensi yako ya nne ina kasoro ya aina nyingine. "Kuhamishwa kwa rafu zote zilizoegemea ukuta huo" si sentensi, bali ni kikundi cha nomino kinachosubiri kitenzi. Katika orodha kilisimama vizuri kwa sababu juu yake palikuwa na maneno "Hatua zilizochukuliwa ni", na ile "ni" ilivibeba vitone vyote vilivyofuata. Kichwa hicho kilipokatwa, "ni" ilikwenda nacho. Wengi hulitibu jambo hili kwa kubandika kitenzi kisicho na kazi, wakaandika "kulifanyika kuhamishwa kwa rafu". Hiyo ni sentensi kwa maana ya sarufi, lakini hakuna anayezungumza hivyo. Tiba yenyewe ni kurudisha kitenzi chenye nafsi na wakati, nacho kitakulazimisha kujibu swali ambalo kitone kilikuruhusu kulikwepa: nani aliyezihamisha? Kwa kuwa ripoti ni yenu, jibu ni "tulihamisha".

Linabaki suala la mpangilio. Kwa mujibu wa orodha ya awali, rafu zilihamishwa siku ileile uvujaji ulipogunduliwa, kabla fundi hajaitwa, ingawa kitone chake kilikaa chini ya kile cha fundi. Katika orodha hilo si kosa. Katika aya ni kosa, kwa sababu msomaji hupokea mfuatano wa sentensi kuwa ndio mfuatano wa matukio, na ukitumia *-ka-* unakuwa umemthibitishia hivyo.

Baada ya kuyarudisha mambo mawili yaliyokatwa, kuipatia sentensi ya nne kitenzi na kuzitanguliza rafu, aya inaweza kusomeka hivi:

"Tangu msimu wa mvua uanze, paa la chumba cha vitabu lilikuwa likivuja upande wa mashariki, na maji yaliyoteremka ukutani yakalowesha vitabu 140 kabla hatujagundua. Tulihamisha kwanza rafu zote zilizoegemea ukuta huo, tukamwita fundi, naye alipokagua paa alikuta mabati matatu yametoboka, akayabadilisha. Kazi yote, tangu kuhamisha rafu hadi kubadilisha mabati, ilichukua siku nne."

Tazama sehemu inayomhusu fundi. Kukagua, kukuta na kubadilisha ni matendo matatu, lakini hayalingani uzito. Ukaguzi ni njia tu ya kufikia kilichokutwa, kwa hiyo nimeushusha daraja kwa *-po-* ya wakati, "alipokagua", ili "alikuta" na "akayabadilisha" vibaki vitenzi vikuu. Orodha huyapa mambo yote kimo kimoja, na kuamua lipi lipande na lipi lishuke ndiyo kazi hasa ya anayeirudisha kuwa aya. "Yametoboka" nimeiacha na *-me-*, kwa kuwa ni hali aliyoikuta fundi, si tukio lililofuata ukaguzi wake. Ungeandika "alikuta mabati matatu yakatoboka", ungekuwa umemsingizia fundi wa watu.

Usije ukaichukua *-ka-* kuwa gundi ya kila kitu. Kwanza, huhitaji kitenzi kilichotangulia chenye wakati wake, kwa kawaida *-li-*, ndiyo maana aya ya ripoti haifunguliwi kwa "tukahamisha". Pili, haina umbo lake la kukanusha, kwa hiyo jambo ambalo halikufanyika utalieleza kwa njia nyingine, kama vile "wala hatukupoteza kitabu chochote". Tatu, ikifululizwa mara tano au sita ripoti huanza kusikika kama ngano, na kwa masikio yangu mbili au tatu katika sentensi moja zinatosha.

Zaidi ya hayo, *-ka-* haifai kabisa pale vitone vilipokuwa sababu au sifa ambazo hazifuatani kwa wakati. Hapo gundi ni upatanisho wa kisarufi. Chukua orodha yenye mistari "Ukubwa hautoshi", "Kukosekana kwa madirisha" na "Umbali kutoka mlango mkuu". Kila mstari una kiima chake, na ukiiunga kwa "pia" utapata viima vitatu vinavyogombania aya moja. Chagua kiima kimoja, kisha acha kiambishi chake kifanye kazi: "Chumba hiki hakifai kuhifadhia vitabu kwa sababu ni kidogo, hakina madirisha na kiko mbali na mlango mkuu." Nomino imetajwa mara moja tu, na *ki-* inamshika msomaji mkono hadi mwisho wa sentensi.

Kipimo ninachokitumia ni kubadilishana nafasi za sentensi mbili zinazofuatana. Zikibadilishana na aya isidhurike, bado hazijaungwa. Ifanyie hivyo aya yako ya awali, nawe utaona kwamba vitabu na fundi vinaweza kupeana nafasi bila msomaji kushtuka. Katika ile iliyorekebishwa, "ukuta huo" ukihamishwa juu ya "ukutani" unakosa pa kurejelea, na "tukamwita" ikitangulizwa inakosa kitenzi cha kukifuata.

Huenda umegundua kwamba aya mpya ni ndefu kuliko yako. Yako ina maneno yasiyozidi 45, yangu inazidi 50, ijapokuwa imeondoa "pia", "aidha" na "vilevile". Ongezeko hilo ni gharama ya mahusiano ambayo vitone vilikuwa vinayaficha, kwa hiyo ukipewa kikomo cha maneno usikate orodha hadi ikifikie sawasawa. Kata ishuke chini yake kidogo, uache nafasi ya viungo. Na nafasi ikikosekana, punguza jambo zima badala ya kuvikata viungo. Katika ripoti yako ningeondoa siku nne kabla ya kuondoa habari kwamba mabati yalibadilishwa.