Picha ya Mwanangu Iko Facebook, na Waliompiga Picha Ndio Wanaotuletea Unga

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Mwanangu wa pili ana miaka 11 na ana selimundu. Kuna shirika linalotuletea unga, maharagwe na nauli ya kliniki. Mwezi uliopita walikuja na kijana wa kamera, wakampiga mtoto picha akiwa na singilendi, macho yamegeuka manjano. Nilikubali kwa sababu kila aliyekuwa kwenye foleni alipigwa. Sasa picha iko Facebook, pamoja na jina lake, shule yake, ugonjwa wake, na kwamba baba yake alituacha. Watu wameisambaza. Shuleni wanamwita "Manjano" na hataki tena kwenda. Nikilalamika nahofia watatukata. Nifanye nini?*
*Mama wa Likoni*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno "nilikubali", kwa maana naona ndilo linalokufunga mdomo. Ulikuwa kwenye foleni ya unga, mtoto mgonjwa ubavuni, na hukuona hata mmoja aliyekataa akapewa chake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, na mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulikubali ni hao waliochukua picha. Si wewe wa kuthibitisha kwamba ulikataa. Hata kama ulikubali kwa moyo mmoja, sheria hiyohiyo inakuruhusu kuiondoa ridhaa yako wakati wowote. Na hapa tunazungumzia mtoto, tena habari za afya yake, ambazo sheria inazihesabu kuwa nyeti. Mzazi akishakubali, bado anayezitumia habari za mtoto anatakiwa azitumie kwa njia inayomlinda. Singilendi, macho ya manjano na jina la shule vinamlinda vipi?

Kwa hiyo usiende kwao kama mtu anayeomba radhi. Lakini usianze kwa kwenda. Anza kwa kukusanya ushahidi, kwa sababu posti ikifutwa leo, kesho huna cha kuonyesha. Ifungue, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa, tarehe na maneno yote yaliyoandikwa, kisha nakili linki yake uihifadhi. Fanya hivyo pia kwa maoni yanayomtaja mtoto. Vitu hivyo vikae kwenye simu yako na kwa mtu mmoja unayemwamini. Usivitume kwenye kundi lolote, hata la jamaa wenye uchungu na wewe, maana utakuwa unaisambaza picha ileile. Na tafadhali usijibizane na mtu pale chini ya posti. Kila jibu linaisukuma mbele ya macho ya watu wengine.

Baada ya hapo mwandikie kiongozi wa shirika, wala si yule kijana wa kamera. Unaweza kumpigia simu kwanza kwa adabu, lakini maneno yenyewe yaende kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, ili yabaki. Andika hivi:

"Salamu. Mimi ni mama wa (jina la mtoto). Nawashukuru kwa msaada wenu. Tarehe fulani mliweka Facebook picha ya mwanangu pamoja na jina, shule, ugonjwa na habari za familia yetu. Naondoa ridhaa yangu. Naomba mfute posti hiyo na mahali pengine popote mlipoiweka, msiitumie tena, na mnijibu kwa maandishi mkishafuta. Mkihitaji kuwaonyesha wafadhili kazi yenu, niko tayari mpige picha ya unga mikononi mwangu, bila sura wala majina."

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya hofu yako. Shirika linaishi kwa wafadhili, na wafadhili wanataka kuona, kwa hiyo uwape njia ya kuonyesha isiyopitia kwa mtoto. Wakikujibu, "Basi tutaifunika sura," usikubali haraka. Sura ikifunikwa na jina la shule likabaki, pamoja na selimundu na baba aliyeondoka, kila mtu mtaani kwenu bado anajua ni nani. Maelezo nayo yafutwe.

Wana siku 14 za kushughulikia ombi la kufuta. Wakinyamaza au wakikutisha na unga, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Makao yake ni Nairobi, ila ina ofisi Mombasa, kwa hiyo ni safari ya feri tu. Kulalamika ni bure. Unaweza kueleza kwa mdomo wakakuandikia, na ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Inaweza kuwapatanisha, inaweza kuamuru picha ifutwe, na inaweza kutoza faini. Mwezi Septemba mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Nakutajia hiyo ujue kwamba huendi kuwa wa kwanza kulalamikia jambo hili. Na kama watatishia kukata msaada kwa sababu umeomba picha ifutwe, ujumbe wa namna hiyo nao uhifadhi.

Sasa hao waliosambaza. Waliobonyeza tu kitufe cha kushea hawakupi kazi: posti ya mwanzo ikifutwa, kwao inabaki nafasi tupu. Ndiyo maana nakusukuma kwenye chanzo kwanza. Wenye kazi ni waliopakua picha wakaiweka upya, na wale wa makundi ya WhatsApp. Kwa hao sitakudanganya kwamba sheria itakufikisha mbali, kwa kuwa inasamehe matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani. Jirani aliyeituma kwenye kundi la chama chake nenda kwake mwenyewe jioni, umwambie, "Dada, yule ni mwanangu, na anaitwa Manjano shuleni kwa ajili ya picha ile. Naomba uifute na uwaombe wenzako nao waifute." Wengi wataona haya, maana waliituma kwa huruma. Kama ni ukurasa usioujua mwenyewe, iripoti Facebook kama picha ya mtoto wako iliyowekwa bila ruhusa.

Kabla ya yote haya, kaa na mwanao. Ana miaka 11, ana akili zake. Muulize ni kipi kinachomuuma zaidi: picha, macho, au ile habari ya baba yake. Huenda likawa hilo la baba, na wewe ukashinda unapigania picha. Mwambie unachopanga kuandika na umsomee, akitaka neno liondolewe liondoe. Mara ya kwanza watu wazima waliamua juu yake bila kumuuliza.

Halafu nenda kwa mwalimu wake wa darasa, umkute peke yake. Mweleze jina analoitwa na ni watoto gani wanaoanzisha, umwombe azungumze nao mmoja mmoja. Mkatalie kabisa kulitangaza jambo hili paredi, hata kama kwa nia njema, kwa sababu nusu ya watoto waliosimama pale hawajaiona hiyo picha, na wakitoka tu wataanza kuitafuta.